Mtu Mmoja Mara Mbili kwenye Picha Moja: Vivuli Vinavyopandana na Mikao Isiyofanana

Mama mmoja anayeshona gomesi, lile vazi refu la akina mama wa Uganda, hapa Jinja alitaka bango la duka lake. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza: yeye mwenyewe ameketi kwenye cherehani akishona, na yeye huyohuyo amesimama kando, amevaa gomesi iliyokwisha, akiitazama kazi inavyoendelea. Fundi na mteja ni mtu mmoja. Nikampiga picha mbili uani kwake, nikaziunganisha, nikampelekea kwa simu. Akanijibu kwa swali moja: "Mwanangu, mbona hapa chini pana shimo?"

Halikuwa shimo. Pale kivuli cha aliyesimama kilipokutana na kivuli cha aliyeketi, mimi nilikuwa nimevilaza kimoja juu ya kingine, na ardhi ikawa nyeusi kama mdomo wa kisima. Nyuso zilikuwa safi, kingo za nguo zilikuwa safi, lakini jicho la mtu asiyejua lolote kuhusu kompyuta lilikwenda moja kwa moja pale. Tulirudia kazi ile upya, na mwongozo huu ndio njia niliyoifuata mara ya pili, hatua kwa hatua, kwa picha hiyohiyo.

Kivuli si rangi

Ukiwa juani, ardhi inapata mwanga kutoka sehemu mbili. Mwingi unatoka kwenye jua lenyewe, na kidogo kinatoka kwenye anga lote la buluu, mawingu na kuta za jirani. Mtu akisimama, anazuia jua tu. Mwanga wa anga unaendelea kuingia kutoka pande zote, ndiyo maana ndani ya kivuli bado unaona kokoto na nyayo, na ndiyo maana kivuli cha nje kina ubuluu kidogo.

Sasa mtu wa pili akija na kivuli chake kikaangukia palepale, atazuia nini? Jua limeshazuiwa. Haliwezi kuzuiwa mara mbili. Kwa hiyo mahali vivuli viwili vya jua moja vinapopandana, giza linabaki lilelile la kivuli kimoja, na huoni mstari wowote ndani yake. Vinakuwa umbo moja kubwa. Simama na mwenzako uani saa tatu asubuhi, sogezeni vivuli vyenu mpaka vikutane, utaliona hili kwa macho yako.

Kompyuta haijui hayo. Ukichora kivuli kwa modi ya Multiply, inazidisha. Tuseme ardhi yenye jua ina thamani ya 200 kwenye kipimo cha 0 hadi 255, na ndani ya kivuli ni 80. Hiyo ni asilimia 40 ya ile ya mwanzo. Ukilaza kivuli cha pili juu yake kwa Multiply, kompyuta inachukua asilimia 40 ya 80, unapata 32. Hiyo 32 ndiyo shimo la yule mama. Jibu sahihi ni 80 tena.

Jua letu na saa ya kupiga

Jinja iko karibu mno na ikweta, chini ya nusu digrii kaskazini yake. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua linachomoza mashariki kabisa, linapanda moja kwa moja hadi utosini, linashuka magharibi. Kwa mpigapicha hii ina maana kwamba katika siku hizo kivuli hakizunguki kama mshale wa saa. Asubuhi nzima kinaelekea magharibi, ila kinafupika. Mwezi wa Juni au Desemba kinafupika na kuzunguka pia, kwa hiyo hesabu inakuwa ngumu zaidi.

Jua linasogea digrii 15 kwa saa, yaani digrii moja kila dakika nne. Adhuhuri ya jua hapa kwetu haiangukii saa sita. Katikati ya Machi inafika karibu saa saba mchana. Ukirudi nyuma saa tatu unapata karibu saa nne asubuhi, na hapo jua liko digrii 45 juu ya upeo wa macho. Napenda saa hiyo kwa sababu hesabu yake ni ya vidoleni: urefu wa kivuli ni sawa na urefu wa mtu. Mama wetu ana sentimita 165, kivuli chake ni sentimita 165.

Dakika nne baadaye kivuli hicho kimefupika kwa karibu sentimita sita. Robo saa baadaye kimepungua zaidi ya sentimita ishirini, na mtazamaji ataanza kuhisi kwamba watu wawili hawakuwa chini ya jua moja, hata asipoweza kusema kwa nini. Kazi yote ya kupiga basi iwe ya dakika tano, na ikizidi uanze upya.

Njia ya kudhibiti hili ni rahisi: choma kijiti ardhini nje ya fremu na uweke jiwe dogo kwenye ncha ya kivuli chake unapopiga picha ya kwanza. Ncha ikihama zaidi ya upana wa vidole viwili kwenye kijiti cha mita moja, muda wako umekwisha. Na angalia mawingu. Hapa karibu na ziwa yanaweza kupita juu ya jua kati ya fremu moja na nyingine. Fremu yenye jua na fremu yenye wingu hazitaungana kamwe, kwa hiyo subiri.

Kupanga nafasi mbili

Niliweka kamera ikitazama kaskazini, mita tano kutoka kwa watu. Jua liko mkono wa kulia, vivuli vinaangukia kushoto, na vyote viwili vinaonekana vizuri ndani ya fremu. Aliyesimama nilimweka kulia. Aliyeketi, nyuma ya cherehani yake ya kukanyaga, nilimweka kushoto, sentimita 120 kutoka kwa aliyesimama.

Kwa nini nipime? Kwa sababu kwa jua la digrii 45, kivuli kinapokutana na mwili kinapanda hadi kimo unachoweza kukijua kabla: toa umbali kwenye urefu wa mtu. Sentimita 165 kutoa 120 ni 45. Kivuli cha kichwa cha aliyesimama kitagusa miguu ya aliyeketi hadi chini kidogo ya magoti, kisha basi. Ningemweka kwa sentimita 60, kivuli kingepanda hadi sentimita 105, kingefunika mikono na kifua, pengine na kidevu, na uso wake ndio unaouza bango. Umbali ukizidi sentimita 165, kivuli hakimgusi hata kidogo. Hapo kazi inakuwa nyepesi, lakini watu wawili wanaonekana kama wageni waliokutana njiani. Kivuli cha mmoja kupanda juu ya mwenzake ndicho kinachomshawishi mtazamaji kwamba kweli walikuwa pamoja, kwa hiyo nakitaka kiwepo, ila kwenye sehemu nyepesi ya mwili.

Ardhi nayo ina neno. Uani pale ni udongo uliofagiliwa, na kila hatua inaacha alama. Unyayo unaoonekana kwenye fremu moja na kukosekana kwenye nyingine utakusumbua baadaye. Nilimwomba afagie mara moja, nikaweka mawe madogo mahali pa miguu yake, na kila aliyeingia aliingilia upande wa nyuma. Miguu ya kiti niliichomea vijiti vidogo pembeni, kwa sababu mtu akiinuka kiti husogea bila yeye kujua. Pia tulihama kutoka chini ya mwembe. Vivuli vya majani vinachezacheza na upepo, havirudii umbo mara mbili.

Mikao

Watu wengi hudhani mkao tofauti ni kugeuza uso na kubadilisha mkono. Shida ni kwamba kila mtu ana tabia yake ya kusimama. Huyu mama huegemea mguu wa kushoto na kuinamisha kichwa kulia, akiwa amesimama na akiwa ameketi vilevile. Picha mbili zenye mwinamo uleule wa kichwa zinaonekana kama muhuri uliogongwa mara mbili, hata nguo zikiwa tofauti. Kwa hiyo nilianza na mabega. Aliyeketi: mabega yameinama mbele kuelekea sindano, macho chini, mikono yote miwili kwenye kitambaa. Aliyesimama: mabega wima, uzito mguu wa kulia, mkono mmoja kiunoni kwenye mshipi wa gomesi, kichwa kimeelekea kushoto.

Macho ya aliyesimama yatazame nini? Kiti ni kitupu wakati huo. Ukimwambia "tazama pale" atatazama kiti, na kwenye picha ya mwisho atakuwa anamtazama mwenzake tumboni. Nilimketisha msaidizi kwanza, nikafunga kipande cha kitambaa chekundu kwenye ufito ulioegemea ukuta nyuma ya kiti, katika usawa wa mikono yake juu ya cherehani kama inavyoonekana kutoka pale anaposimama mama. Akatazama kitambaa. Ukuta huo utakuja kufunikwa au kusafishwa kwa fremu tupu.

Halafu kuna jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa: kivuli hakionyeshi mkao kama kamera inavyouona, kinauonyesha kama jua linavyouona. Kamera iko kusini, jua liko mashariki. Mkono kiunoni ambao kwenye kamera unafanya pembe nzuri, ukitazamwa kutoka mashariki unaweza kupotea kabisa ndani ya mwili, na kivuli kikawa gogo. Kwa hiyo kabla ya kupiga, nenda usimame upande wa jua, mgongo wako kwenye jua, umtazame mtu wako. Umbo unaloliona ndilo litakalolala chini. Nilimwomba ausogeze mkono mbele kidogo, na kivuli kikapata kiwiko.

Kutoka hapohapo upande wa jua utaona na kitu kingine: sehemu yoyote ya aliyeketi inayofichwa na aliyesimama ndiyo sehemu itakayokuwa kivulini. Jua halioni kivuli chake lenyewe. Ikiwa baadaye utalazimika kuchora kivuli kwa mkono, piga picha ya simu kutoka pale. Itakuwa ramani yako.

Kupiga

Kamera juu ya stendi, miguu yake imekandamizwa ardhini. Kila kitu kwa mkono: ISO 100, f/8, 1/400 kwa jua kali la saa nne, mizani ya weupe imewekwa kwenye alama ya jua, fokasi imefungwa. Ukiacha chochote kwenye otomatiki, kamera itaona gomesi ya njano inang'aa na kupunguza mwanga wa fremu nzima, na ardhi ya fremu mbili hazitafanana tena. Kwa simu, bonyeza kioo kwa muda hadi fokasi na mwanga vifungwe, na tumia kipima muda badala ya kugusa.

Kubadilisha nguo ndiko kulikoniponza mara ya kwanza. Nilimpiga ameketi kwa nguo ya kazi, akaenda ndani kuvaa gomesi, na gomesi haivaliwi kwa haraka: kuna kitambaa cha ndani cha kuongeza umbo, kuna kukunja, kuna mshipi wa kufunga nyongani. Alirudi baada ya dakika ishirini na tano. Mara ya pili tuligeuza mpangilio. Alivaa gomesi juu ya nguo ya kazi, akapigwa amesimama kwanza, kisha akafungua mshipi na kuivua palepale. Kuvua kulichukua dakika mbili.

Mpangilio wa fremu ukawa huu. Kwanza uani patupu, cherehani na kiti tu. Pili, mama amesimama kwa gomesi, peke yake. Tatu, mama ameketi anashona, peke yake. Nne, mama bado ameketi, hajatikisika, na msaidizi wa kimo chake anaingia kusimama kwenye mawe ya aliyesimama. Tano, patupu tena, kwa sababu mwanga umeshabadilika kidogo.

Fremu ya nne ndiyo siri ya kazi yote. Msaidizi hatabaki kwenye picha. Amekuja kutupa kivuli kwenye miguu ya mama, kivuli cha kweli, kinachopanda na kushuka kwenye mikunjo ya sketi kwa namna ambayo hakuna mkono wa mtu unaoweza kuichora. Kumbuka hesabu yetu: kinachomfikia aliyeketi ni kivuli cha kichwa na mabega tu, yaani sehemu iliyo juu ya sentimita 120. Na gomesi ina mabega yaliyochongoka. Kwa hiyo msaidizi alijitupia ile gomesi mabegani kama koti, mikono ndani, bila kufunga chochote. Ilitosha. "Dada, usipumue," msaidizi alimwambia mama, na wote wawili wakaganda sekunde tatu.

Kwenye kompyuta

Natumia GIMP kwa sababu ni ya bure na inafanya kazi hii kikamilifu. Fungua fremu zote kwa `File > Open as Layers`, kila moja iwe leya yake. Kwanza hakikisha zimelala sawasawa: weka modi ya leya ya juu iwe `Difference` juu ya fremu tupu. Ukuta na cherehani vinapaswa kuwa vyeusi. Ukiona mistari myembamba ya mwanga kwenye kingo za ukuta, stendi ilisogea. Chukua zana ya kusogeza na ubonyeze mishale ya kibodi, pikseli moja kila mara, mpaka mistari ipotee. Rudisha modi iwe `Normal`.

Kisha panga leya, kutoka juu kwenda chini:

```
mguso            Multiply
mwili-amesimama  Normal       fremu 2
miguu-kivulini   Normal       fremu 4
mwili-ameketi    Normal       fremu 3
kivuli-amesimama Darken only  fremu 2
kivuli-ameketi   Darken only  fremu 3
patupu           Normal       fremu 5
```

Fremu ya pili na ya tatu zimetumika mara mbili kila moja: mara ya kwanza kwa kivuli, mara ya pili kwa mwili. Usijaribu kuvitoa pamoja. Mwili una ukingo mkali na unapaswa kufunika kilicho nyuma yake, kivuli kina ukingo laini na hakifuniki kitu.

`Darken only` inalinganisha pikseli ya leya na iliyo chini yake na kubakiza iliyo nyeusi zaidi, bila kuzidisha. Penye 200 na 80 inabaki 80. Penye 80 na 80 inabaki 80. Ndivyo jua linavyofanya. Vivuli viwili vinayeyuka kuwa umbo moja bila wewe kugusa eneo la makutano. Ukiona rangi ngeni kwenye kingo, pengine uwekundu au ukijani, ni kwa sababu modi hii inalinganisha kila rangi peke yake. Jaribu `Luma/Luminance darken only`, ambayo inachagua pikseli nzima.

Kila leya ya kivuli ipe maski nyeusi kupitia `Layer > Mask > Add Layer Mask`, chagua `Black (full transparency)`, kisha kwa brashi nyeupe na laini pakia eneo la kivuli na pembezoni mwake kidogo tu. Usiiache leya wazi nzima, maana itachukua na nyayo, na kila chembe ya vumbi iliyo nyeusi zaidi.

Kwenye kivuli cha aliyesimama, usisahau cherehani. Ukingo wa meza yake uko karibu na aliyesimama, sentimita 80, kwa hiyo kivuli kimepanda mpaka juu ya meza na kuvunjika pale kwenye kona. Kivuli hicho tunacho tayari ndani ya fremu ya pili, kwa kuwa cherehani ilikuwa pale. Kipakie. Na sasa angalia mtego: ukikata mwili wa aliyeketi kutoka fremu ya tatu na kuchukua kipande cha meza pamoja nao, umeweka meza yenye jua juu ya meza yenye kivuli, na kivuli kimekatika ghafla. Maski ya mwili iishie kwenye ngozi na nguo. Cherehani ibaki ya leya za chini.

Miili niliikata kwa zana ya njia, herufi `B` kwenye kibodi, nikazunguka taratibu kwa ukuzaji wa asilimia 200, nikageuza njia kuwa uteuzi na kulainisha kwa pikseli moja kupitia `Select > Feather`. Nywele na nyuzi za kitambaa nilizimalizia kwa brashi ndogo kwenye maski. Chini ya nyayo usikate kabisa: acha ukingo wa mwili uingie ndani ya kivuli chake kidogo, ili mguu na kivuli vishikane kama vilivyoshikana uani.

Leya ya `miguu-kivulini` ni fremu ya nne, maski nyeusi, umepakia nyeupe kwenye sketi na miguu tu. Ikiwa mama alitulia, kivuli cha kweli kinatokea mara moja. Ikiwa alitikisika, mikunjo itapishana. Sogeza mpaka wa maski uufuate mkunjo mmoja mrefu na mpishano utajificha humo.

Ukikosa fremu ya msaidizi

Hapa ndipo mkono unapohitajika. Rudufu leya ya mwili wa aliyeketi, itie giza kwa `Colors > Curves`, kisha ipe maski nyeusi na uchore kivuli kwa nyeupe, ukifuata ile picha ya simu uliyopiga kutoka upande wa jua. Kiasi cha giza usikikisie. Tafuta nguo ileile mahali ilipo kivulini yenyewe, mathalani upande wa sketi usiotazama jua, uipime kwa zana ya kuchukua rangi, kisha shusha mkunjo wa Curves mpaka sehemu yenye jua ifike thamani hiyo, pamoja na ule ubuluu wake.

Kosa ambalo kila mtu hulifanya ni kupaka kivuli juu ya sketi yote kwa pamoja. Ndani ya mikunjo tayari pana kivuli. Ukivitia giza tena umerudi kwenye kisima kilekile, safari hii juu ya nguo. Paka migongo ya mikunjo inayopata jua, acha mabonde yake.

Na ukingo una upana wake. Jua si nukta, ni duara la karibu nusu digrii angani, kwa hiyo ukingo wa kivuli unatanuka karibu sentimita moja kwa kila mita kati ya kinachozuia na kinachopokea. Kichwa cha aliyesimama kiko karibu mita 1.7 kutoka kwenye miguu ya aliyeketi ukifuata mwale wa jua. Ukingo utakuwa wa sentimita moja na nusu hivi. Kwenye faili yangu mama aliyesimama alikuwa na pikseli 2,200 kwa sentimita 165, yaani pikseli 13 kwa sentimita, kwa hiyo ukungu wa ukingo ulikuwa karibu pikseli 20. Kwenye `Gaussian Blur` ya maski, thamani ya 6 au 7 inatoa mpito wa upana huo. Karibu na nyayo ukingo ni mkali kabisa, usiuguse. Kivuli chenye ulaini uleule kutoka kisigino hadi kichwa kinaonekana kimebandikwa.

Giza la mguso

Nimesema vivuli viwili vya jua havijumlishiki. Lipo hata hivyo giza moja linalojumlika, na ukilikosa watu wako wataelea. Penye kisigino na udongo, chini ya pindo la gomesi, kati ya miili miwili iliyokaribiana, hata mwanga wa anga unazibwa. Na anga, tofauti na jua, linaweza kuzibwa kidogo na huyu, kidogo na yule. Kwa hilo ndiyo modi ya `Multiply` inafaa. Kwenye leya ya `mguso` tumia brashi laini, rangi ya kahawia iliyokolea badala ya nyeusi, nguvu ya asilimia 10 hadi 15, na upite taratibu pale tu ambapo vitu viwili vinakaribiana. Kwa picha hii ilikuwa sehemu mbili: udongo ulio kati ya pindo la gomesi na mguu wa cherehani, na mahali kiti kinapogusa sketi. Fremu zilizopigwa peke yake haziwezi kuwa na giza hili, kwa kuwa mwenzake hakuwepo kuliziba anga.

Ukiwa na picha moja tu

Wako wanaoleta picha moja na kutaka watu wawili. Inawezekana kwa shida, na jambo la kwanza ni kukataa kuigeuza kushoto kuwa kulia kama kioo. Jua litakuwa limehamia upande wa pili kwa mmoja wao. Na kwa gomesi kuna jingine: vifungo vyake viwili hukaa upande wa kushoto wa shingo. Ukigeuza vinahamia kulia, na hapa Uganda atakayeliona ni bibi wa kwanza kupita mbele ya duka. Uliza kama kuna picha nyingine za siku ileile, hata iliyoharibika uso. Mkono mmoja, bega moja au kichwa kutoka picha ya jirani vina thamani kuliko kunyoosha na kupinda pikseli za ile moja. Ukipinda kiungo, pinda kidogo, na kivuli chake ukichore upya kutoka kwenye umbo jipya, maana kivuli cha zamani kitaendelea kusimulia mkao wa zamani.

Kukagua

Chukua zana ya kuchukua rangi, washa `Sample average` yenye eneo la pikseli tano, gusa ardhi ndani ya kivuli kimoja, kisha gusa penye makutano. Kwangu zilitoka 81 na 79. Tofauti ya kiasi hicho ni udongo wenyewe. Ingekuwa 81 na 40, ningetafuta ni leya gani nimeisahau kwenye Multiply.

Kisha chora mstari kutoka ncha ya kivuli cha kila kichwa hadi kichwa chenyewe. Mistari miwili inapaswa kwenda sambamba au karibu na sambamba, jua likiwa pembeni ya kamera kama hapa. Ikitofautiana wazi, kivuli kimoja kimekaa kwa saa nyingine.

Mwisho geuza picha juu chini, uiangalie ukiwa mbali. Nyuso zinapoteza nguvu yake, jicho linabaki na maumbo ya mwanga na giza tu. Nilimwonyesha mama hivyohivyo, juu chini, kwenye kioo cha kompyuta, nikamuuliza shimo liko wapi. Akatafuta kwa kidole pale chini ya cherehani, akatoka kwenye kivuli cha gomesi akaingia kwenye kivuli chake mwenyewe bila kujua amevuka wapi. Halafu akaniambia mshipi haukukunjwa vizuri upande wa nyonga.